Pengo Baada ya c

Ofisini walimwita Bibi Nukta, naye hakuwahi kukasirika, maana jina la utani lenye ukweli ndani yake halina dawa. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akisoma kurasa za idara ya maji kabla hazijaingia mtamboni, na alijisifu, tena bila kuombwa, kwamba hakuna jedwali lililompita likiwa na herufi iliyopotea njia.

Alikuwa na rula ya mbao iliyolika pembe moja. Aliiweka chini ya mstari wa kwanza wa jedwali, akasoma kutoka kushoto kwenda kulia, akaishusha mstari wa pili, tena kushoto kwenda kulia, hivyo hivyo mpaka chini, huku akizitaja herufi kwa sauti ya mtu anayesema na nafsi yake. Kila herufi ndogo iliyopandishwa juu ya takwimu ilitakiwa kuwa na tanbihi yake chini ya jedwali, na tanbihi hizo zipange foleni kama jicho linavyozikuta juu: ya kwanza kukutwa ndiyo a, inayofuata b. Kama maelezo ni yale yale, herufi ni ile ile, hata ikirudi mara tatu. Na foleni yenyewe ilikuwa na wakubwa wake. Kwanza mstari wa Chanzo, unaosema takwimu zimetoka wapi. Kisha mstari wa Maelezo, wa mambo yanayohusu jedwali zima, usio na herufi yoyote. Mwisho ndipo herufi, kila moja na mstari wake.

"Wewe hata kaburini utataka chanzo," fundi wa kurasa alimtania asubuhi ile akimwekea mezani prufu, zile kurasa za majaribio. Huyu fundi alikuwa rika lake, mwenye kitambi na miwani ya kusomea, na walikuwa wamegombana kwa upendo tangu enzi za mtambo wa zamani.

"Na wewe kaburini utaweka nafasi mbili baada ya nukta," alijibu. "Toka hapa, nina kazi."

Mvua ilikuwa na siku ya tatu. Ilikuwa imeanza wiki mbili kabla ya wakati wake, na madirisha ya chumba cha uhariri yalikuwa yameota ukungu, na nje kulikuwa na giza hata taa za barabarani zilikuwa zimewashwa saa tatu asubuhi. Kila aliyeingia alikung'uta mwavuli mlangoni, na mhudumu alikuwa ametandaza magazeti ya zamani sakafuni ili watu wasiteleze. Prufu ilikuwa ya kitabu cha robo ya nne, Hali ya Mabwawa Madogo. Kilikuwa kitabu chembamba kisichosomwa na mtu, isipokuwa watu saba: kamati ya usalama wa mabwawa. Hao saba walikaa kila robo, wakafungua Jedwali la 4, na kwa jedwali hilo wakaamua bwawa lipi lijazwe na lipi lishushwe. Safari hii walikuwa wanakaa mchana ule ule saa nane, kwa sababu ya mvua.

Jedwali la 4 lilikuwa na mabwawa sita, moja kila mstari. Kwa kila bwawa palikuwa na urefu wa ukuta, kiasi cha maji, mvujo chini ya ukuta kwa lita kwa dakika, na tarehe ya ukaguzi. Bibi Nukta akaweka rula. Mstari wa kwanza, kwenye urefu wa ukuta: a. Mstari wa pili, kwenye kiasi cha maji: b. Mstari wa tatu, kwenye mvujo: c. Mstari wa nne, Bwawa la Mawe, haukuwa na herufi. Mstari wa tano, kwenye tarehe ya ukaguzi: e. Mstari wa sita, kwenye mvujo, c ilirudi, na hilo lilikuwa sawa.

Akaangalia chini. Chanzo, Maelezo, a, b, c, e.

"Nani ameila d?" akasema peke yake, na mkono ukachukua kalamu nyekundu bila hata kumuuliza. Ulifuta e ya juu ukaandika d, ukafuta e ya chini ukaandika d. Pembeni ukaandika kwa mwandiko mdogo uliosimama wima: herufi zimefungwa. Kazi ya nusu dakika. Tangu utotoni alikuwa ameambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta, naye alikuwa mtu wa kuziba.

Alikuwa amekwisha kushika ukurasa unaofuata alipohisi kwamba mkono wake umewahi kufanya jambo lile lile mahali pale pale.

Akarudisha ukurasa. Akatazama mstari wa nne, ule usio na herufi. Bwawa la Mawe, mita kumi na nne, maji asilimia tisini na sita, mvujo 41. Bwawa hilo alilijua kuliko mengine, si kwa sababu ya kazi. Chini ya ukuta wake, hatua kama mia nne hivi, mdogo wake wa kike aliolewa akajenga, akazaa watoto watatu, na akalima mboga kwenye udongo uliokuwa na unyevu mwaka mzima. Bibi Nukta mwenyewe ndiye aliyeutoa ule mzaha wa arusini, kwamba mdogo wake ameolewa na bwana na bwawa kwa pamoja.

Alikwenda kabatini. Alikuwa na ubishi wa kutotupa prufu, na kwa ubishi huo wakubwa watatu wa kitengo waliwahi kumsema, kila mmoja kwa zamu yake. Akavuta bahasha ya robo ya tatu. Jedwali la 4: a, b, c, kisha e iliyofutwa kwa wino mwekundu na kuandikwa d. Herufi zimefungwa. Mwandiko wake. Bwawa la Mawe, mvujo 41.

Akavuta bahasha ya robo ya pili. Hapa palikuwa na herufi tano kamili, wala kalamu yake haikugusa kitu. Kwenye mstari wa nne, juu ya 41, ilikaa d. Akashuka nayo mpaka chini, kidole kikiwa juu ya karatasi kama mtoto wa darasa la kwanza.

d. Mvujo haukupimwa. Mtaro wa kupimia umefukiwa na udongo ulioporomoka. Takwimu ni ya robo iliyotangulia.

Robo ya kwanza: 41, bila herufi. Hiyo ndiyo ilikuwa arobaini na moja ya kweli, iliyosomwa na mtu aliyesimama pale na kipimo mkononi. Zilizobaki zote zilikuwa kivuli chake. Kwa miezi tisa hakuna aliyejua ni maji kiasi gani yanapita chini ya ukuta ule, na kitabu kilikuwa kikisema arobaini na moja, arobaini na moja, arobaini na moja, kama kasuku.

Aliketi. Alielewa yote kwa mara moja, kwa kuwa ilikuwa kazi yake kuelewa. Mtu wa takwimu alikuwa ameitoa d na tanbihi yake kwenye robo ya tatu, lakini kwa kuwa hakuwa mtu wa herufi, hakuzipanga upya zilizofuata. Akaacha pengo. Pengo lile lilikuwa ndilo alama pekee iliyobaki kwamba hapo palikuwa na neno. Yeye akalifunga. Tena alilifunga vizuri sana hata aliyelinganisha kitabu cha robo ya pili na cha tatu aliona d huku na d kule, akaridhika. Masahihisho yake yalibaki kwenye faili la uchapaji, hayakurudi takwimu. Ndiyo maana robo hii, walipojaza takwimu mpya kwenye jedwali lao la zamani na kulileta tena, pengo lilirudi nalo.

Kwanza alimpigia mdogo wake.

"Dada! Asubuhi yote hii?" Sauti ilikuwa na kicheko, na nyuma yake mvua ikigonga bati. "Watoto hawakwenda shule, njia imekuwa matope. Wamenila kichwa."

"Hamjambo lakini?"

"Hatujambo. Mboga ndizo zinazidi. Siku hizi hata kabla ya mvua shamba la huku ukutani lilikuwa linalowa lenyewe. Shemeji yako anasema Mungu ametuletea bomba la bure."

Bibi Nukta akabana simu. "Hayo maji yanayolowesha, rangi yake ikoje?"

"Maji yana rangi gani, dada? Ni maji tu. Meupe."

"Ukiyaona yamebadilika, nipigie. Usingoje jioni."

"Umeanza," mdogo wake alisema kwa upole, kama watu wanavyosema na dada mkubwa ambaye amekuwa na wasiwasi tangu wakiwa watoto.

Maji meupe. Alikuwa amesoma ripoti za idara ile miaka mingi kiasi cha kujua kwamba ukuta wa udongo huvuja, na mvujo mweupe si msiba. Msiba ni maji yakianza kutoka na udongo, maana hapo ukuta unaliwa kutoka ndani. Alijipa moyo kwa hilo, akateremka ghorofa moja kwenda kwa mkuu wa takwimu.

Mkuu wa takwimu alikuwa mtu mpole, mwenye sweta na meza safi, asiyepandisha sauti hata kwa mhudumu. Alitazama zile prufu tatu alizotandaziwa, akavua miwani, akaifuta.

"Ile tanbihi hatukuifuta, mama," alisema. "Tuliihamisha. Soma kwenye Maelezo."

Bibi Nukta akasoma, ingawa alikuwa ameshaisoma. Maelezo: Baadhi ya takwimu zinaweza kuwa za makadirio.

"Hiyo ni ya jedwali zima," alisema. "Inayahusu mabwawa yote sita. Ndiyo kusema haihusu lolote. Mtu akisoma hapo atajua ni lipi?"

"Atajua kwamba kuna makadirio."

"Kuna takwimu ishirini na nne hapo! Na hili si kadirio, mzee wangu. Kukadiria ni kwenda ukatazama. Hapa hakuna aliyekwenda." Akagonga mstari wa juu yake kwa kucha. "Na Chanzo hiki? 'Usomaji wa vipimo uwanjani, robo ya nne.' Nani alisoma kipimo cha Bwawa la Mawe robo ya nne?"

Dirishani kwake maji yalikuwa yakitiririka kwa mistari.

"Kamati iliuliza maswali mengi kwa sababu ya ile d," mkuu wa takwimu alisema. "Kila mtu alikuwa anaiona hiyo tu. Na mafundi walituahidi mtaro utafukuliwa kabla ya kitabu kutoka. Tukasema, ya nini kuwatia watu hofu kwa jambo la wiki mbili?"

"Ukafukuliwa?"

"Mafundi wanasema bado."

"Miezi tisa."

"Mama," alisema, na hapo upole wake ukawa na makali, "kila mtu na kazi yake. Mimi naleta takwimu. Wewe ni nukta na herufi. Kuna pengo, funga pengo, kitabu kiende. Umefanya hivyo robo iliyopita na hukuniuliza kitu."

Neno lile lilimpata mahali pake. Alikusanya prufu zake akatoka bila kuaga. Alikuwa na hasira naye, lakini hasira ile ilikuwa fupi, kwa kuwa kila alipotaka kumlaani alikutana na mwandiko wake mwenyewe mwekundu.

Ilikuwa saa sita na nusu. Fundi wa kurasa alikuwa akila mkate mbele ya kompyuta.

"Weka huo mkate chini," Bibi Nukta alimwambia. "Jedwali la nne. Rudisha e mahali pa e, juu na chini. Masahihisho yangu ya asubuhi yafute."

"Leo dunia imekwisha," fundi alisema. "Bibi Nukta amejisahihisha." Kisha akaona uso wake, akafuta makombo kidevuni, akafungua faili.

Walifanya kazi bila mzaha. Mstari wa nne, safu ya mvujo, juu ya 41, d ndogo. Chini, kati ya c na e, mstari mpya: d. Mvujo haujapimwa tangu robo ya kwanza. Mtaro wa kupimia umefukiwa. Takwimu ni ya robo ya kwanza. Alifikiria kuacha maneno ya zamani, "robo iliyotangulia", akayakataa, kwa sababu ndiyo yaliyoruhusu uongo kutembea. Kila robo ilikuwa na iliyotangulia, na mtu angedhani ni ya juzi.

"Chanzo?" fundi akauliza.

"Chanzo kiseme ukweli. Usomaji wa vipimo uwanjani, robo ya nne, isipokuwa palipoonyeshwa kwa herufi."

"Na hii Maelezo ya makadirio?"

Aliisoma tena. Palikuwa na takwimu za makadirio kwenye mistari miwili, na hizo tayari zilikuwa na c yao. Kwa jedwali zima mstari ule haukuwa na kazi yoyote. "Itoe. Weka pale tarehe ya mwisho ya kupokea vipimo. Hilo ndilo linalohusu wote."

Fundi aliandika, akasita, kidole kikiwa juu ya kitufe. "Aliyeruhusu ni nani? Watatuuliza."

"Mimi."

"Wewe ni mhariri tu, ndugu yangu."

"Na jina langu limo ukurasa wa mwisho. Chapa."

Bibi Nukta alitoa nakala moja ya ukurasa kwanza, akaupeleka mwenyewe kwa karani wa kamati, jengo la pili, akikimbia uani na karatasi ndani ya koti. Karani alikuwa mwanamke mkavu aliyevaa ufunguo shingoni. Aliupokea, akasema kamati wameanza kuingia, akafunga mlango. Bibi Nukta alirudi na viatu vinavyotoa maji, akaketi kwenye kiti chake, na kwa mara ya kwanza siku ile akapumua mpaka mwisho. Yaliyofutwa yalikuwa yamerudishwa. Sasa saba wale wangeona d, wangeuliza maswali mengi, na safari hii maswali mengi yangekuwa rehema.

Saa nane na robo simu ya mezani ililia.

"Hii d ni nini?" Ilikuwa sauti ya karani. Nyuma yake watu walikuwa wakisemezana, na kiti kiliburutwa. "Mwenyekiti anauliza. Robo iliyopita d ilikuwa ya bwawa jingine, ukaguzi wa kuona kwa macho tu. Sasa hiyo ni e, na hii mpya imeingia katikati. Ni kosa la uchapaji?"

"Si kosa. Kosa lilikuwa robo iliyopita," Bibi Nukta alisema. "Ile d ilikuwepo tangu robo ya pili. Iliondolewa, likabaki pengo, na pengo nikalifunga mimi."

Karani alisikika akiziba simu kwa kiganja na kuwaambia watu kitu. Aliporudi, sauti yake haikuwa kavu tena.

"Mama, robo ya pili kwa sababu ya hiyo d tuliamua Bwawa la Mawe lisivuke asilimia sitini mpaka lipimwe. Robo ya tatu tukalitazama, halikuwa na herufi. Tukajua limepimwa, liko sawa. Tukaagiza lijazwe."

Tisini na sita. Alikuwa ameisoma asubuhi, kwa rula, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Lishusheni," alisema.

"Tunampigia mlinzi wa lango. Hapokei. Na lango likifunguliwa lote, kushuka ni siku mbili." Kisha karani akasema kama mtu anayeomba, "Chini yake kuna watu?"

Simu ya mkononi ilikuwa ikitetemeka mezani juu ya zile prufu, na kwenye kioo lilikuwa jina alilomwita mdogo wake tangu wakiwa wasichana. Akaikata ya mezani, akaipokea ya mkononi.

Alikuwa shemeji yake. "Shemeji, mwenye simu ameniambia nikupigie. Alisema uliuliza rangi ya maji."

"Ikoje?"

"Imegeuka. Yale ya ukutani yanatoka kama chai ya maziwa. Mengi, yanachemka kwenye kishimo. Yeye amekwenda na jembe kuyachimbia njia, yasiharibu miche."

Bibi Nukta alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake, na fundi wa kurasa akageuka.

"Sikiliza. Mwite. Chukua watoto, pandeni mlimani sasa hivi, msibebe kitu."

"Shemeji, tulia." Alilisikia tabasamu lake, tabasamu la mwanamume mwema anayemstahi shemeji yake. "Mimi nami niliogopa kidogo, si uongo. Nikatoa kile kitabu chako cha robo iliyopita. Ulichotuletea, kipo hapa juu ya redio, tunakitunza. Hiki hapa. Jedwali la nne. Bwawa la Mawe, arobaini na moja. Na wewe ulinifundisha mwenyewe siku ile, ukaniambia, shemeji, takwimu yenye kasoro lazima iwe na herufi juu yake. Nimetazama kwa miwani. Haina herufi."

Ni kweli alimfundisha. Ilikuwa Jumapili, baada ya chakula, na yeye akijisifu, kama kawaida yake.

"Haina herufi kwa sababu waliitoa," alisema. "Na alama ya kwamba imetolewa niliifuta mimi. Kwa mkono huu. Kitabu hicho ni uongo, shemeji. Kitupe. Ukuta haujapimwa miezi tisa. Kimbia umwite mke wako!"

Kisha ilisikika sauti ya kitabu kikiwekwa mezani, taratibu, kwa adabu.

"Watoto!" alisikika akiita, na tabasamu halikuwemo tena. "Tokeni. Kaka mkubwa, shika wenzako, pandeni kwa jirani wa juu. Viatu acha! Nendeni!" Miguu midogo ilipita mbio, mlango ukabamizwa. Halafu miguu mizito ikashuka upande wa shamba, na sauti yake ikasikika nje kabisa, mbali, ikimwita mkewe, mama watoto, mama watoto, ikizidi kuwa ndogo.

Simu ilibaki mezani kwao, juu ya kitabu au kando yake, na hakuna aliyeikata.

Fundi wa kurasa alikuwa amesimama mlangoni na ukurasa mpya mkononi, wino wake ukiwa bado na joto. Chanzo, Maelezo, a, b, c, d, e. Haukuwa na kasoro hata moja. Alitaka kuuliza kama waendelee kuchapa, lakini alimwona ameinua mkono kumzuia.

Bibi Nukta alikuwa akisikiliza. Kule, mvua juu ya bati ilianza kupungua. Ikawa matone, ikawa tone moja moja, ikakatika. Lakini sauti ya maji haikukatika, bali ilizidi kukua.